Kiwi ya maji inang'aa mpaka saa nne tu. Viatu vya shule nivipake nini hapa Dodoma?

Mama wa Nkuhungu (mleta uzi)
Habari zenu wana jukwaa. Naomba msaada wa wanaojua viatu. Kijana wangu yuko darasa la tano na njia yake ya shule ni vumbi mwanzo mwisho. Viatu ni vyeusi vya kamba, nilivinunua Sabasaba, muuzaji akaniapia ni ngozi. Tangu muhula uanze nampaka kiwi ya maji, ile ya chupa yenye sponji mdomoni, maana asubuhi kwetu ni mbio. Akitoka mlangoni vinameta. Akirudi vimekuwa vya kijivu, na mwenyewe anasema mpaka mapumziko ya saa nne vinakuwa vimeshaisha. Sasa hivi pale vidole vinapokunjia pametokea mistari na rangi inabanduka kama magamba. Soksi nyeupe nazo zimepata weusi nyuma ya kisigino, nimefua mpaka basi.

Dukani nimekuta aina tatu: ya kopo, ya chupa, na nyingine laini kwenye kichupa cha mdomo mpana. Muuzaji anasema zote ni kiwi, nichague bei. Zinatofautianaje, na ipi inakaa? Nikisema kiwi nina maana ya rangi yoyote ya viatu, sisemi kampuni.

Bodaboda Mstaafu
Mama, kiwi haina kosa. Huu ni mwezi wa tisa, upepo wa Dodoma unaujua. Hata ukipaka dhahabu itageuka vumbi kabla hujafika lami. Subiri mvua za Desemba.

Mwalimu wa Zamu
Mvua zikija ni tope, Bodaboda. Tutasubiri mpaka lini?

Mimi ndiye ninayesimama mstarini asubuhi kukagua. Sitafuti kiatu cha kujitazamia sura. Natafuta cheusi, kisafi, kamba zimefungwa. Tatizo alilolisema mama naliona kwa watoto wengi: kiatu kinameta juu halafu kwenye kunjo kimepasuka. Nangoja na mimi majibu.

Dada wa Ilazo
Jibu ni fupi. Ya kopo ni nta. Ya maji ni plastiki iliyoyeyushwa kwenye maji, haifai kugusa ngozi hata siku moja. Ila kwanza hakikisha hicho kiatu ni ngozi kweli. Dondoshea tone la maji juu yake. Likinywewa ni ngozi, likibaki linateleza umeuziwa plastiki. Nadhani umeuziwa plastiki.

Fundi wa Jamatini
Salaam. Viatu ndiyo kazi yangu, niruhusuni niseme kwa kirefu kidogo.

Dada wa Ilazo kuhusu nta umepatia. Kuhusu tone la maji hapana, hasa kwa viatu vya shule. Ngozi ya viatu vya shule mara nyingi imesuguliwa juu ikasawazishwa, halafu ikapuliziwa rangi ya kiwandani. Tone litakaa juu ya hiyo rangi kama linavyokaa juu ya plastiki, na kiatu ni ngozi halali. Kwa jaribio hilo utawatupia lawama wauzaji wasio na kosa.

Mama, fungua kamba uvute ulimi wa kiatu, tazama ukingo wake pale ulipokatwa. Ngozi inaonyesha nyuzinyuzi zilizosokotana, hazina mpangilio, na ukikwaruza kwa kucha zinatoa manyoya. Ngozi bandia inaonyesha tabaka mbili: juu utando laini mwembamba, chini kitambaa kilichofumwa. Ukiona kitambaa, nta haitakusaidia sana, kwa sababu hakuna inapoingia. Hapo futa kwa kitambaa chenye unyevu, na ya maji kidogo siku moja moja haina shida.

Sasa hizo aina tatu. Ya kopo ni nta iliyolainishwa kwa tapentaini au vitu vya jamii yake, ndiyo maana ukifungua harufu inakupiga puani. Ukipaka, ile harufu inapaa, nta inabaki juu ya ngozi, na hiyo nta ndiyo unayoisugua ikatoa mng'ao. Ile laini ya mdomo mpana ni krimu: ina nta, ina mafuta, na kwa kawaida ina maji ndani yake. Rangi imejaa zaidi, inaingia kwenye mikwaruzo na kulainisha ngozi, ila mng'ao wake ni wa wastani. Ya chupa inakauka yenyewe na kuacha utando. Huhitaji kusugua, ndiyo raha yake. Ubaya ni kwamba utando haukunjiki vizuri. Mtoto anakunja kiatu kila hatua, utando unapasuka pale pale, wewe asubuhi unapaka mwingine juu ya uliopasuka. Hayo magamba ni tabaka za muhula mzima.

Alizeti Kwanza
Hapa Singida hatuna shida zenu. Kitambaa, mafuta ya alizeti kidogo, sugua. Kiatu kinang'aa kuliko cha mbunge.

Bodaboda Mstaafu
Watu wa Singida nanyi! Redio ikikwama mnaitia alizeti. Mtoto akiumwa tumbo, alizeti. Leo viatu.

Alizeti Kwanza
Na inafanya kazi 😂

Fundi wa Jamatini
Inang'aa, sikatai, kwa sababu kitu chochote chenye majimaji kinang'aa. Lakini mafuta ya kula hayakauki upesi. Yanabaki yananata, na vumbi la hapa linatafuta mahali pa kunata. Halafu siku ukitaka kupaka nta juu yake, nta inateleza haishiki. Alizeti ibaki kwenye sufuria.

Kijana wa Mpwapwa
Sisi shule ya msingi tulikuwa tunapasua betri za redio tunatoa ule unga mweusi, tunachanganya na mafuta ya mgando. Na maua ya kihibiskasi, unasugua ua kwenye kiatu. Weusi ulikuwa upo.

Mwalimu wa Zamu
Unga wa betri tafadhali wazazi msiruhusu. Una sumu, na watoto wanakula kwa mikono hiyo hiyo. Ua sina ugomvi nalo.

Raba Nyeupe
Wakuu samahani, mimi nina raba nyeupe za michezo za binti, nimepaka chaki ikatoka yote. Krimu itafaa?

Dada wa Ilazo
Ndugu, uzi ni wa viatu vya ngozi. Raba za turubai fua kwa sabuni na mswaki, kausha kivulini. Usiweke krimu, utaleta doa la mafuta.

Mama wa Nkuhungu (mleta uzi)
Asanteni. Fundi, nimetazama ulimi wa kiatu. Ni nyuzinyuzi, hakuna kitambaa. Kwa hiyo muuzaji hakunidanganya. Lakini bado naogopa dukani. Kopo nalitambua, ila kuna chupa pana nyingine zimeandikwa kwa lugha nisiyoisoma. Nitajuaje hii ni krimu au ni ile ya maji iliyofanywa nzito?

Fundi wa Jamatini
Swali zuri. Muombe muuzaji akufungulie, au nunua ndogo kwanza. Chukua kipande cha kioo, paka alama ya kila moja, kiache kivulini mpaka jioni. Kisha fanya mambo mawili. Pitisha kidole: ya nta itakupaka weusi kidoleni hata ikiwa imekauka, utando hautakupaka. Halafu jaribu kuchokonoa kwa kucha: utando unainuka kama kipande, nta inakwaruzika tu.

Kutenganisha krimu na ya kopo, chukua kiasi cha punje ya harage ukitie kwenye bilauri ya maji, ukoroge. Krimu yenye maji itachafua bilauri nzima. Nta ya kopo itakaa kivyake, inakataa.

Mtumba Ihumwa
Fundi nakusahihisha kidogo kwa heshima. Kuna krimu ambazo hazina maji kabisa, zimetengenezwa kwa tapentaini kama ya kopo, ila laini. Hizo hazitachanganyika na maji na bado ni krimu. Nimeuza viatu vya mtumba muda mrefu, nimekutana nazo.

Fundi wa Jamatini
Kweli kabisa, zipo, nimezitumia. Basi kwa hizo tumia kidole: krimu inaachia kwa kubonyeza kidogo tu, ya kopo kwenye baridi ya asubuhi ya mwezi wa saba inabidi uikwaruze. Ila siku za joto la Oktoba hata ya kopo inalainika, kwa hiyo jaribu asubuhi.

Baba Wawili Kondoa
Nimeufuatilia uzi kimya. Mimi shule ya mabinti wanavaa viatu vya kahawia. Nyeusi ni nyeusi, lakini kahawia zipo kumi. Nilipaka moja, pua ya kiatu ikawa nyeusinyeusi na kisigino chekundu. Mnalinganishaje rangi?

Mtumba Ihumwa
Paka isiyo na rangi. Haikosei.

Dada wa Ilazo
Isiyo na rangi haifuniki mkwaruzo, Mtumba. Kiatu cha mtoto pua yote ni mikwaruzo. Achukue iliyokolea kidogo kuliko kiatu, itaficha.

Fundi wa Jamatini
Mimi nasema kinyume cha Dada. Kwa kahawia chukua iliyofifia kidogo kuliko kiatu. Kukoleza unaweza siku yoyote kwa kurudia, kufifisha ni kazi ya kuvua rangi yote. Na usichague ndani ya duka lenye taa ya njano. Toka nayo nje juani. Pakia sehemu isiyoonekana, kwenye ulimi chini ya kamba, ngoja ikauke, piga brashi, ndipo ulinganishe. Rangi mbichi huwa imekolea, ukiihukumu hapo utajidanganya. Hiyo pua yako imekuwa nyeusi kwa sababu pale ngozi imekwaruzika rangi ya kiwandani haipo, kwa hiyo inakunywa zaidi kuliko sehemu nzima. Anza na krimu ya rangi ile ile kidogo kidogo kwenye pua peke yake, mpaka ifanane, ndipo upake kiatu chote.

Mwalimu wa Zamu
Na nyeusi si moja, Baba Wawili. Kuna wazazi huleta viatu vya bluu iliyokolea wakiamini ni vyeusi. Viweke juu ya karatasi nyeupe juani utaona. Halafu vyeusi vilivyoanikwa juani sana vinageuka rangi ya udongo, nta peke yake haivirudishi.

Fundi wa Jamatini
Hivyo ni krimu nyeusi kwanza. Na kwa vyeusi msipake kwa wingi ile isiyo na rangi, inabaki nyeupe kwenye mishono na matundu ya kamba.

Dada wa Ilazo
Kuhusu kahawia sijakubali, mkwaruzo wa mtoto haungoji kurudia mara tatu. Lakini tuendelee.

Mama wa Nkuhungu (mleta uzi)
Fundi, nifanyeje na hivi vyenye magamba? Kununua vipya sasa hivi sina uwezo.

Fundi wa Jamatini
Visikutoke moyoni, vinarudi. Fanya Jumamosi, usifanye Jumapili usiku.

Toa kamba. Piga brashi kavu kwanza, kila mahali, hasa kwenye mshono wa soli. Usianze na maji. Vumbi letu lina mchanga, ukilipaka maji na kusugua unaikwaruza ngozi. Kisha kitambaa chenye unyevu na sabuni kidogo, futa, usiloweke. Jaza magazeti ndani, weka kivulini mpaka asubuhi. Si juani, si karibu na jiko.

Magamba: pamba na spiriti ya duka la dawa, kidogo sana. Jaribu kwanza sehemu iliyojificha. Gusa utando, ngoja kidogo, futa upande mmoja. Pamba itatoka nyeusi. Ikianza kutoka nyeusi halafu ngozi chini yake inaonekana kijivu na haina uso, acha hapo hapo, maana umeanza kula rangi ya kiwandani.

Kikikauka, krimu nyeusi nyembamba kiatu kizima, kwenye kunjo ingiza kwa kidole kilichovikwa kitambaa. Baada ya dakika kumi hivi piga brashi. Ndipo nta ya kopo: kitambaa cha pamba kilichokazwa kwenye vidole viwili, gusa tu nta, zungusha duara ndogo. Acha mpaka ifubae, kama robo saa, piga brashi kwa kasi. Rudia tabaka moja pua na kisigino tu. Kwenye kunjo tabaka moja linatosha, nta nyingi pale nayo itapasuka.

Kijana wa Mpwapwa
Kwa nini asitumie mafuta ya taa kuondoa magamba? Ndiyo tunatumia huku.

Fundi wa Jamatini
Mafuta ya taa yanatoa nta iliyorundikana. Huo utando wa chupa hayautoi, na yanaacha ulaini wa mafuta na harufu.

Mzee wa Zabibu
Vijana mmesahau tone la maji. Nilisoma bweni, kiranja alikuwa mkali. Tabaka la mwisho la nta ukishapaka, unatia tone moja la maji kwenye pua ya kiatu, unazungusha kwa kitambaa kile kile bila kukandamiza. Mwanzoni panafifia, usikate tamaa, endelea. Panafunguka panakuwa kioo. Na kopo likikauka tulikuwa tunaliwashia kiberiti kidogo, nta inayeyuka.

Mwalimu wa Zamu
Shikamoo Mzee. Tone la maji naliunga mkono. Kiberiti hapana, ile tapentaini ndiyo inayowaka, na watoto wakiona watafanya chumbani.

Mzee wa Zabibu
Marahaba mwalimu. Kweli, wakati wetu hatukuwa na mtu wa kutuambia.

Fundi wa Jamatini
Kopo lililokauka lifunge vizuri uliweke kwenye beseni la maji ya moto, maji yasifike kwenye kifuniko. Likilainika ongeza matone machache ya tapentaini ukoroge kwa kijiti.

Mama wa Nkuhungu (mleta uzi)
Nimefanya, narudi na taarifa.

Kwanza kioo. Nilipaka alama tatu. Jioni ile ya chupa niliichokonoa kwa ukucha ikanyanyuka nzima, nyembamba, ukiinua juani unaona mwanga unapita. Ya kopo ilinipaka kidole. Krimu niliyonunua ilichafua bilauri nzima, kwa hiyo ni krimu yenye maji.

Magamba yametoka, pamba zimejaa sahani. Mistari ya kunjo imebaki lakini baada ya krimu huioni mpaka uinamishe kiatu. Kila siku sasa sipaki kitu, napiga brashi kavu akirudi, na kitambaa asubuhi. Kiatu cha kulia kimekaa vizuri mpaka Alhamisi. Cha kushoto pua inafubaa siku ya pili tu, nimerudia nta na bado. Viatu ni pea moja, nimevipaka siku moja!

Dada wa Ilazo
Cha kushoto pua yake si ngozi sawa na ya kulia. Viwanda vinakata ngozi moja sehemu mbalimbali, nyingine ni tabaka la chini lililofunikwa kwa utando. Mimi naona ndiyo hiyo.

Bodaboda Mstaafu
Kijana anapigia mpira mguu wa kushoto. Kesi imeisha.

Mama wa Nkuhungu (mleta uzi)
Anapigia wa kulia, Bodaboda. Nimemuuliza.

Mtumba Ihumwa
Basi huo wa kushoto ndio anaoegemea anapopiga, pua inaburuzwa kwenye mchanga.

Fundi wa Jamatini
Inaweza kuwa hivyo. Mimi nashuku spiriti. Ulianza na kipi?

Mama wa Nkuhungu (mleta uzi)
Cha kushoto. Ndicho kilikuwa na magamba zaidi, nilisugua sana.

Fundi wa Jamatini
Hapo huenda ulipitiliza, uso wa ngozi umefunguka na unakunywa nta badala ya kuiacha juu. Kama ni hivyo, krimu nyembamba siku tatu mfululizo kwenye pua tu, ndipo nta. Kama ni alivyosema Dada, krimu haitaingia, utaiona imekaa juu na kitambaa kitaitoa yote. Fanya hilo tuone.

Baba Wawili Kondoa
Na soksi, mama? Weusi umekoma? Mabinti wangu nao wana tatizo hilo.

Mama wa Nkuhungu (mleta uzi)
Umekoma. Sipaki tena ukingo wa ndani, na kabla hajavaa nafuta kisigino kwa soksi kuukuu nyeupe mpaka itoke safi. Ile ya maji akitoka jasho ilikuwa inalowana inahamia kwenye soksi.

Dada wa Ilazo
Jasho au kiwi ilikuwa haijakauka alipovaa? Maana utando ukishakauka haupaswi kutoka, umejionea mwenyewe kwenye kioo.

Mtumba Ihumwa
Hapo Dada ana hoja. Kuna za chupa ambazo ni rangi tupu na maji, utando hata hauko. Mama, hiyo chupa ya zamani bado unayo? Ipake kwenye kioo, ikauke, kisha pitisha kitambaa chenye maji.

Mama wa Nkuhungu (mleta uzi)
Ipo. Kesho nitajaribu pamoja na ile krimu ya pua.